Ujumbe Uliofutwa na Msimamo Uliobaki: Burger King Uingereza, Machi 2021

Tarehe 8 Machi 2021, Siku ya Wanawake Duniani, akaunti ya Burger King ya Uingereza iliandika kwenye Twitter kwamba mahali pa wanawake ni jikoni. Ujumbe uliofuata ulieleza kusudi: wapishi wa kike ni wachache katika majiko ya kitaaluma, na kampuni inatoa ufadhili wa masomo ya upishi kwa wafanyakazi wake wanawake. Wasomaji wengi waliishia kwenye sentensi ya kwanza, kwani kila ujumbe huweza kusambazwa peke yake.

Anayeliona pengo tu hudhani kwamba kampuni iligeuka. Mfuatano wa matukio unaukataa usomaji huo. Kwanza kampuni iliutetea ujumbe hadharani, ikihoji kwa nini iufute. Baadaye iliomba radhi kwa namna ilivyoanza, na ndipo ikaufuta, ikitaja matusi yaliyokuwamo katika majibu. Badiliko, basi, lilitokea kati ya utetezi na radhi, wala si katika ufutaji. Tena lilihusu usemi tu, maana radhi yenyewe iliutaja ufadhili upya.

Sababu ya matusi, hata hivyo, haitoshelezi, kwa kuwa kufuta ujumbe hakufuti majibu ya watu wengine. Kilichoondoka ni sentensi ya kampuni yenyewe. Wakati huo Twitter haikuruhusu kuhariri, hivyo hapakuwa na njia nyingine ya kuiondoa.