Omena Haikuvunjwa

Dakika ya 3:05 ya video ya kukausha omena, mkono wa mama mmoja wa Sio Port unaokota omena moja kichanjani, kidole gumba kikiwa tayari kuivunja. Hapo mhariri akakata! Tukaletewa mzee wa suti anaeleza mikopo ya kikundi, sekunde 50 nzima. Tuliporudi ufukweni, gunia lilikuwa limeshashonwa.

Lengo la video lilikuwa moja, tena lilitajwa vizuri mwanzoni: mtazamaji aweze kutambua omena iliyokauka kiasi cha kutiwa guniani. Kitenzi ni kutambua, na kutambua kwenyewe hufanyika pale pale kidoleni. Iliyokauka huvunjika kwa mlio. Yenye unyevu ndani hujikunja, na ukiifungia guniani huota ukungu. Shoti ya sekunde nane ya kuivunja ndiyo video. Dakika nyingine zote ni njia ya kuifikia. Mikopo ni lengo la pili, na lengo la pili lina video yake.

Sekunde 50 zile zilitosha kabisa. Kamera ingebaki karibu na vidole, muziki uzimwe. Omena ya kwanza ivunjike, tuusikie mlio. Ya pili, iliyoanikwa muda mfupi tu, ijikunje. Ya tatu ishikwe, msimulizi aulize, "Na hii je?" kisha anyamaze sekunde nne. Jibu litoke kwenye vidole, si mdomoni mwake.

Waliofundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 walilijua hili, nao hawakuwa na picha hata moja. Waliuliza, wakaacha kimya, watoto wakajibu kwa sauti, ndipo jibu likatoka redioni. Kimya kiliandikwa kwenye skripti kama neno lingine lolote. Leo tuna kamera mfukoni, na kimya tunakiogopa kama deni.

Na droni, jamani! Sekunde 25 za mwanzo tunaonyeshwa ziwa kutoka angani, mahali ambapo omena haionekani. Ningeanza na gunia linalofunguliwa sokoni Busia, ukungu umetanda, mnunuzi anageuza uso. Mchuuzi aliyewahi kuipata hasara hiyo hawezi kuipita video.

Sauti ilikuwa safi licha ya upepo wa ziwa, na kichanja cha wavu kilionekana vyema. Hayo nawapa.

Nilimpa binamu yangu wa Malaba, ambaye hajaanika hata dagaa mmoja maishani, aitazame hadi mwisho. Kisha nikamwekea omena tatu mezani, nikamwambia achague iliyo tayari kwa gunia. Akazitazama, akanitazama, akauliza: "Kwani riba yao ni ngapi?"