Kidole juu ya dai: baremu inayowafanya wasahihishaji watatu wakubaliane

Kopi mbili zilikuwa mezani, swali moja: barabara nzuri inamfaidisha nani, mkulima au mnunuzi? Kwetu Luvungi hilo si swali la vitabuni. Anayepanda mihogo au mpunga katika bonde la Rusizi anajua bei yake inategemea kama lori la Bukavu au la Uvira litafika wiki hii. Wanafunzi waliandika kwa Kifaransa, mimi nawaweka hapa kwa Kiswahili.

Wa kwanza: "Barabara ikitengenezwa, mkulima atapata faida kubwa, kwanza kwa sababu maendeleo yataingia. Pili, bila barabara hakuna maendeleo." Kifaransa chake kilikuwa safi, bila kosa hata moja. Wa pili: "Mama mdogo anauza mihogo. Mvua ikinyesha, lori halifiki. Anamuuzia mwenye pikipiki, na mwenye pikipiki ndiye anataja bei." Huyu kila mstari ulikuwa na kosa la kitenzi.

Kwenye sehemu ya hoja, yenye pwenti 10, mimi nilimpa wa kwanza 4 na wa pili 8. Mwenzangu alimpa wa kwanza 8 na wa pili 4. Wa tatu alikaa katikati, akawapa wote 6. Na sote tulikuwa tumeshika baremu ileile, iliyosema: "Mawazo tajiri na yenye mantiki: pwenti 10."

Tatizo lilikuwa katika sentensi hiyo. "Tajiri" si kitu unachoweza kukionyesha kwa kalamu. Kila mmoja analijaza neno hilo kwa anachokipenda. Mwenzangu alikuwa akisoma viunganishi: kwanza, pili, kwa hiyo. Mimi nilikuwa nikisoma kisa cha mihogo. Hakuna aliyekosea kusoma. Tulikuwa tunapima vitu viwili na kuviita jina moja.

Jambo hili ni la zamani. Huko Ufaransa, Henri Laugier na Dagmar Weinberg walichukua kopi za bakalorea ya 1930 wakawapa wasahihishaji wengine wazisahihishe upya, kisha wakapiga hesabu: ili pwenti ya mtahiniwa itulie, insha ya Kifaransa ingehitaji wasahihishaji 78. Hisabati ilihitaji 13, filosofia 127. Marekani nako, mwaka 1961, Paul Diederich na wenzake waliwapa wasomaji 53 insha 300 wazipange katika madaraja tisa, bila kuwaambia watafute nini. Insha 101 zilipata madaraja yote tisa. Lakini Diederich hakuishia kushangaa. Alichunguza nani anafanana na nani, akakuta wasomaji wamejigawa katika makundi matano: wengine wanatazama mawazo, wengine mpangilio, wengine makosa ya lugha, wengine uteuzi wa maneno, wengine ile ladha ya mwandishi mwenyewe. Kwa hiyo fujo ile ilikuwa na mistari ndani yake. Baremu inaanza hapo: kuitenganisha mistari hiyo na kukubaliana kila mmoja una uzito gani.

Kwetu Kongo swali hili lina mahali pake maalumu. Exetat, tuliyonayo tangu 1967, kwa sehemu kubwa ni maswali ya kuchagua jibu, na mashine haina hasira wala usingizi. Disertasyo, inayofanywa mapema kabla ya siku zile nne, ndiyo inayobaki mikononi mwa binadamu. Mwalimu wa humanite anayewaandaa wanafunzi kwa disertasyo bila baremu inayoshika anawafundisha ladha yake, na ladha hiyo haitaenda nao kwenye chumba cha kusahihishia.

Sasa namna tulivyofanya. Hatukuanza kwa kuandika baremu. Tulichukua kopi 12 za mwaka uliopita, tukafunika majina, na kila mmoja akasahihisha peke yake, akiandika pwenti kwenye karatasi ya pembeni. Sharti hili la karatasi ya pembeni ni dogo lakini bila hilo kazi yote ni bure: ukiona 14 ya wino mwekundu ya mwenzako, mkono wako hautaandika 8. Kisha tukapanga pwenti zote mezani na kuziacha kopi tulizokubaliana. Tulizungumza tu kuhusu zile tulizotofautiana sana, na kopi mbili za barabara ndizo zilizotupotezea mchana mzima.

"Huyu hajajibu swali, ametuletea habari za mama mdogo," alisema mwenzangu mkubwa.

"Mzee, na huyu mwingine ametuletea nini?" niliuliza.

Alisoma tena. Akaweka kidole juu ya "mkulima atapata faida" na kusoma kilichobaki: kwa sababu maendeleo yataingia. Akanyamaza kidogo. Kilichobaki hakikumwambia kitu ambacho dai halikuwa limeshasema.

Kidole kile ndicho kilichoingia katika baremu. Tuliandika hivi kwa hoja. Ngazi ya 1: dai bila sababu. Ngazi ya 2: sababu ipo, lakini ukifunika dai, iliyobaki inarudia dai hilohilo kwa maneno mengine. Ngazi ya 3: ukifunika dai, iliyobaki inaleta jambo jipya (kisa, sababu au matokeo) ambalo mtu anaweza kulipinga au kulithibitisha. Ngazi ya 4: ngazi ya 3, pamoja na kuchukua hoja ya upande wa pili na kuijibu, kwa mfano, kwamba barabara hiyohiyo inamleta pia mnunuzi mkubwa anayewashindanisha wakulima wa vijiji kumi. Ngazi 0 ni kwa ukurasa mtupu.

Kwa kipimo hicho wa kwanza anapata 2, wa pili anapata 3. Mzee hakufurahi, lakini alifika palepale nilipofika mimi, na kwa sababu ileile.

Ngazi ni nne, si tano, kwa makusudi. Ukiweka kiti cha katikati, msahihishaji aliyechoka atakikalia, kama yule mwenzetu aliyewapa wote 6. Na kazi kubwa ya kuandika baremu si kueleza ngazi ya 4, ambayo kila mtu anaitambua, bali mpaka kati ya 2 na 3, kwa sababu kopi nyingi zinalala hapo. Ukiwa na saa moja tu, itumie hapo.

Vigezo tulibakiza vinne: kulielewa swali na kuchukua msimamo, hoja, mpangilio, lugha. Kila kimoja kina ngazi hadi 4, na hoja inazidishwa kwa mbili, hivyo jumla ni 20. Kulikuwa na pendekezo la vigezo tisa. Niliwahi kuona baremu ya namna hiyo ikitumika: msahihishaji anaamua kwanza kimoyomoyo kwamba kopi ni ya 12, halafu anavigawa vigezo mpaka vifike 12.

Ugonjwa huohuo wa hukumu moja kuvimeza vigezo vyote unaingia pia kupitia lugha. Dawa yetu ni kusoma hoja za kopi zote kwanza, kisha kurudi mwanzo kwa mpangilio, na lugha mwisho kabisa. Ni kazi ndefu zaidi, hasa usiku kwa taa ya sola inayofifia saa nne. Kwa lugha tuliweka kanuni ya kuhesabu: mistari 15 ya kwanza tu, na kosa lilelile likirudiwa linahesabiwa mara moja. Kanuni hii inatufanya tukubaliane vizuri mno, na ndiyo maana siiamini sana. Ni rahisi kukubaliana juu ya kitu kinachohesabika hata kama si hicho ulichotaka kukipima. Mwanafunzi anayejaribu sentensi ngumu atakosea zaidi ya yule anayeandika fupifupi. Ndiyo sababu lugha haizidishwi.

Utajuaje kama baremu inashika? Rudia zoezi kwa kopi mpya, kisha tazama tofauti kwa macho mawili. Tuseme katika kopi sita, mimi natoa 12, 9, 14, 7, 11, 13, na mwenzangu 10, 7, 12, 5, 9, 11. Kila mara yuko chini yangu kwa 2. Hapo baremu ni nzima. Yeye ni mkali tu, au mimi ni mlegevu, na hilo linarekebishwa kwa mazungumzo. Sasa tuseme yeye anatoa 10, 12, 12, 9, 8, 15. Jumla zetu ni 66 kwa 66, wastani ni uleule, na prefe akitazama wastani atatupongeza. Lakini kopi kwa kopi tunapishana kwa 2 au 3, mara juu, mara chini. Hapo hakuna mkali wala mlegevu. Kuna mstari wa baremu ambao tunausoma tofauti, na lazima turudi kuutafuta.

Mtego mwingine ni bahati. Tuseme kila mmoja wetu hutoa ngazi ya 3 kwa kopi 80 katika 100 na ngazi ya 2 kwa zilizobaki. Hata tukipiga ramli bila kusoma, tutagongana kwenye kopi 68 hivi: 64 za ngazi ya 3 na 4 za ngazi ya 2. Basi tukikubaliana kwenye 75, tumeishinda ramli kwa 7 tu katika 32 zilizokuwa zimebaki, yaani 0.22. Kipimo hiki Jacob Cohen alikitoa mwaka 1960 na kukiita kapa. Shuleni huna haja ya jina lake. Inatosha kujiuliza, kabla ya kufurahia 75, ramli ingepata ngapi.

Baada ya hapo kinachobaki ni kuzuia mkono usiteleze. Tumeweka kopi tatu za mfano, zenye ngazi tulizokubaliana na sababu zake pembeni. Moja inarudishwa katikati ya rundo bila alama. Ukiipa asubuhi 3 na jioni 2, zile ulizosahihisha katikati zinarudiwa. Tofauti kati ya wawili ikizidi pwenti 3 kwenye 20, wa tatu anasoma bila kuambiwa walichotoa wenzake.

Kopi moja bado haina makazi. Mwanafunzi alijibu swali la barabara kwa hadithi mwanzo hadi mwisho: daraja limevunjika, jirani mmoja ameuza, mwingine mihogo yake imeoza. Hakuandika dai hata moja. Tulipotaka kuweka kidole, hapakuwa na cha kufunika. Mzee anasema 1, mimi nasema 3, na tumeibandika nyuma ya baremu ikiwa na pwenti zote mbili, hadi tupate nyingine ya namna yake.