Mwezi Umejaa, Maji Yamepwa

Tuutazame ujumbe ambao kijana wa Unguja anaweza kumtumia binti anayemtaka: “Wewe ni mwezi wa kumi na nne, bahari ya mahaba, upepo mwanana wa moyo wangu.” Unasikika wa kizamani, lakini kosa si la mwezi wala la bahari. Sifa tatu zimerundikwa pamoja na hakuna kinachotokea ndani yake. Unaweza kutumwa kwa yeyote, usiku wowote, na anayeupokea analijua hilo mara moja.

Taarabu haikufanya hivyo. Nguvu yake imo katika fumbo: mtunzi anasimulia jambo la bahari, anayehusika anajiona humo, na akitaka anajibu kwa fumbo lake. Hilo ndilo la kuchukua, si maneno yake.

Kwa hiyo anza na bahari ilivyo leo. Mwezi ukiwa mpevu ni siku za bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Unguja, siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi jioni, na kufika saa nne usiku, mwezi uking’aa juu, yameshakwenda mbali. Anayeandika saa hiyo kwamba mbalamwezi inamulika bahari iliyojaa ameiga wimbo. Mtoto wa pwani atamgundua.

Ukweli huo ndio unaotupa ujumbe mzuri zaidi:

“Mwezi umejaa, lakini maji yamekimbia. Wewe leo uko upande wa nani?”

Hakuna “mpenzi”, hakuna sifa hata moja. Mwezi umebaki mwezi, swali ndilo linalochokoza. Tena limemwachia mwenzako nafasi ya kucheza. Akijibu “Maji hurudi”, amekubali bila kusema amekubali. Akijibu “Sijaelewa”, usianze kumfafanulia, maana fumbo likifafanuliwa limekufa. Mwulize tu ameshindaje.

Upepo unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu una msimu. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi hushika katikati ya mwaka. Zamani majahazi yalikwenda Uarabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, hivyo kwa aliyeko Maskati mwezi wa Januari inatosha kuandika: “Kaskazi imeshaanza, na jahazi langu silioni.” Ukituma hayo Julai, umeharibu.

Kwa mtu wa Dodoma au Mwanza, bamvua na kaskazi huenda visimwambie kitu. Huyo mwachie mwezi, kwa kuwa nyote mnauona: “Toka nje kidogo uutazame mwezi, kisha niambie kama huko nako unachelewesha watu kulala.”

Chagua taswira moja kwa kila ujumbe. Na kabla hujatuma, fungua dirisha uhakikishe mwezi upo.