Jiwe Linalokunywa Maji

Mawe meusi yaliyotapakaa kwenye Mto Karanga, hapa Moshi, ni lava iliyoteremshwa na maji kutoka Kilimanjaro. Mengi yana vitundu vilivyoachwa na gesi lava ilipokuwa ikiganda. Jiwe la namna hiyo huwezi kulipima kwa rula. Fundi mmoja mstaafu wa maabara alinionyesha linavyopimwa, na tangu siku hiyo sijachoka kumsifu.

Alilining'iniza jiwe kavu kwa mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, chini ya mizani yenye ndoano. Mizani ikasoma gramu 486. Kisha akalizamisha lote kwenye ndoo, bila kugusa kando wala chini. Ikasoma 302. Maji yalikuwa yamelibeba kwa gramu 184, ambazo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Kwa kuwa gramu moja ya maji hujaza sentimita moja ya ujazo, ujazo ulikuwa 184. Gawanya 486 kwa 184, unapata densiti ya 2.64.

Nilishafungua daftari niandike. Akanizuia mkono: "Bado, mwanangu. Jiwe linakunywa."

Kweli, viputo vilikuwa vikichomoka kimoja kimoja, na namba ikapanda: 303, 305, 306. Hewa iliyonasa kwenye vitundu hulisaidia jiwe kuelea, kwa hiyo mwenye haraka huona lava nyepesi kuliko ilivyo. Alivipangusa viputo vya nje kwa brashi laini, akaliacha limeloweka hadi kesho yake. Tulikuta namba imetulia kwenye 318.

Hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana. Alilitoa, akalifuta kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu kitambaa kikavu kingefyonza hata maji ya ndani ya vitundu. Alilifuta taratibu mpaka mng'ao wa maji ukatoweka usoni, akalipima tena hewani: 504. Gramu 18 zilizoongezeka ni maji yaliyoingia.

Sasa jiwe lilikuwa na densiti mbili. Ukihesabu na vitundu vyake, ujazo ni 504 kutoa 318, yaani 186, na densiti, kwa uzito ule mkavu wa 486, ni 2.61. Ukiviacha vitundu vilivyoingiwa na maji, ujazo ni 486 kutoa 318, yaani 168, na densiti ni 2.89. Anayetaka kujua ukuta wa mawe utakuwa na uzito gani atachukua ya kwanza. Anayeuliza lava yenyewe ni nzito kiasi gani atakaribia jibu kwa ya pili.

Atakaribia tu, maana viko vitundu vilivyofungwa pande zote, na maji hayavifikii hata yakae mwezi. Kuvipata hivyo ingebidi jiwe lisagwe liwe unga. Nilimuuliza kama tulisage. Alilipapasa kidogo, akalirudisha dirishani likauke.