Vyungu Vilivyovunjwa Julu

Ukisikia kwamba binti wa jirani amevunja vyungu na kuzamisha mashua, utadhani kwao kumezuka ugomvi. Kumbe Mchina anayesema hivyo anamsifu: binti ameacha kazi ili ajiandae kwa mtihani, na hakujibakizia njia ya kurudi. Kwa Kichina maneno hayo ni silabi nne tu, po fu chen zhou. Ni mojawapo ya maelfu ya chengyu, nahau ambazo nyingi zina silabi nne na ambazo watoto hufundishwa shuleni pamoja na visa vyake. Bila kisa, maana haipatikani hata ukiyapekua maneno yenyewe usiku kucha.

Kisa hiki kimo katika historia iliyoandikwa na Sima Qian. Mwaka 207 KK, Xiang Yu wa dola ya Chu alikwenda Julu kuwaokoa watu wa Zhao waliozingirwa na majeshi ya Qin. Alipokwisha kuvusha askari wake mto, aliamuru mashua zote zizamishwe, vyungu vya kupikia vivunjwe, vibanda vichomwe moto, na jeshi libebe chakula cha siku 3 tu. Wakapigana kama watu wasio na kwao, wakashinda.

Sasa tazama ufundi. Sima Qian ametaja mambo manne, nahau imechukua mawili. Moto wa vibanda umeachwa, japo ndio ungependeza zaidi machoni. Chakula cha siku 3 kimeachwa, ingawa ndicho kinachotuonyesha hesabu ya jemadari. Vimebaki mashua, yaani njia ya kurudi, na vyungu, yaani mlo wa kesho. Mtu aliyenyimwa hivyo viwili hana la kufanya ila kwenda mbele. Kibanda hakiongezi kitu, maana askari anaweza kulala nje. Hata mpangilio umegeuzwa: katika historia mashua zilitangulia, katika nahau vyungu vimetangulia. Jina la jemadari, mto na ushindi vyote vimetupwa nje. Silabi nne hazina nafasi ya kubeba kisa. Zinabeba kile ambacho mkono unaweza kukishika, ili aliyewahi kusimuliwa akumbuke mengine mwenyewe.

Ndiyo maana kisa husaidia kumbukumbu. Maana kavu, kama “kujitosa bila kurudi nyuma”, haina pa kujishikiza akilini. Chungu kikivunjika kina sauti na vigae, na kinajibu swali la kwa nini. Frank Boers, mtafiti wa ufundishaji wa lugha kutoka Ubelgiji, alichapisha mwaka 2001 utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi wa Kiingereza waliotakiwa kubuni kwanza asili ya nahau waliikumbuka vizuri zaidi. Kwa hiyo mwalimu mzuri hakimbilii kusimulia. Huuliza: ni nani avunje chungu chake mwenyewe, na akiwa wapi? Aliyekwisha kuhangaika na swali hilo hukipokea kisa kama jibu alilokuwa akilitafuta.

Sisi nasi tunazo nahau za namna hiyo. Mambo “yamekwenda arijojo” husemwa na watu wasiowahi kuona tiara ikikatika uzi na kuchukuliwa na upepo. Mwonyeshe mtoto tiara ile mara moja, hatahitaji kamusi.

Lakini kisa nacho kina mahali kinapokwama, na mfano wake ni nahau ya Kichina isemayo “asubuhi tatu, jioni nne”. Katika kitabu cha Zhuangzi, mfugaji aliwaambia nyani wake kwamba atawapa njugu za mwaloni tatu asubuhi na nne jioni. Wakakasirika. Basi, akasema, nne asubuhi na tatu jioni, wakafurahi. Jumla ni saba kwa saba. Anayejifunza akishakisikia kisa hiki hakisahau kamwe, na hapo ndipo anapopotea, kwa sababu siku hizi nahau hiyo haisemi juu ya hila ya mfugaji wala ujinga wa nyani. Husemwa juu ya mtu asiyetulia, leo kazi hii kesho ile, au anayebadili wapenzi. Maana imehama, kisa kimebaki palepale.

Utamjua aliyepotea kwa sentensi zake: atamwita mfanyabiashara mjanja “asubuhi tatu, jioni nne”, na Wachina watashangaa. Dawa si kukitupa kisa, bali kugeuza jicho. Waache nyani na bwana wao, zitazame njugu zenyewe: tatu zimekuwa nne, nne zimekuwa tatu, neno la asubuhi limegeuzwa kabla ya jioni kufika. Ukishaiona zamu hiyo ya namba, hutashangaa kumsikia mama wa Kichina akimkataa kwa nahau hiyo kijana aliyekuja kumposa bintiye.