Tangazo Lililoshinda kwa Bahati

Tuchukue kitalu cha miche nje kidogo ya mji wa Machakos. Mwenyewe anataka kuuza miembe ya kupandikizwa kabla ya mvua za Novemba. Ana picha tano na vichwa vinne vya maneno, kimoja kikiwa cha Kikamba. Akivioanisha vyote anapata matangazo 20. Anayaweka Facebook, kila moja lionekane na watu 1,000. Misimu iliyopita imemfundisha kwamba katika kila watu 100, wawili hubofya. Kwa hiyo kila tangazo linatarajiwa kupata mibofyo 20 hivi.

Matokeo yanapoingia, moja limepata 29: mama mwenye kikapu cha ngowe, na kichwa cha Kikamba. Hiyo ni karibu mara moja na nusu ya kawaida. Papo hapo maelezo yanatiririka: lugha ya nyumbani inagusa moyo, kikapu kinaonyesha mavuno, mama anaaminika. Bajeti yote ya msimu inahamishiwa hapo.

Sasa tupige hesabu tukichukulia kwamba matangazo yote 20 ni sawa kabisa, hakuna lililo bora. Tangazo moja la kawaida, likijaribiwa peke yake, hufikisha mibofyo 29 au zaidi kwa bahati tu mara tatu hivi katika 100. Ni nadra, na ndiyo maana mtu hushawishika. Lakini hapa yamejaribiwa 20, na mshindi amechaguliwa baada ya matokeo kuonekana. Uwezekano kwamba angalau moja kati ya hayo 20 litafika 29 ni karibu nusu. Kwa maneno mengine, bwana huyu angempata "mshindi" wa namna hiyo karibu kila msimu wa pili hata kama angepachika picha ileile mara 20.

Dawa ya vitabuni ni kupandisha kizingiti. Ukikubali kudanganyika mara tano katika 100, gawa hizo tano kwa idadi ya matangazo. Njia hii hubeba jina la Mwitaliano Bonferroni, na kwa matangazo 20 inadai mibofyo 34 hivi kabla ya kumtangaza mshindi. Yule wa 29 anaanguka. Ila dawa hii ina ukali wake: tangazo ambalo kweli huvuta watu 28 katika 1,000, yaani bora kwa asilimia 40, litafikia 34 mara chache mno, kama moja katika saba. Ukiitumia peke yake utatupa mazuri pamoja na mabaya.

Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji wengi hukipita, na data yake tayari wanayo. Kama picha ya mama ndiyo siri, basi inapaswa kufanya vizuri hata ikiwa na vile vichwa vingine vitatu. Tuseme huko ilipata 18, 21 na 17. Jumla na ile 29 ni 85, ambapo watu 4,000 wangetarajiwa kutoa 80. Hakuna kitu. Kichwa cha Kikamba nacho, kwenye picha zote tano: 29, 19, 16, 22, 17. Jumla 103 dhidi ya 100 zilizotarajiwa. Mshindi aliyezungukwa na ndugu wa kawaida namna hii ni wa kushukiwa.

Utafiti wa stika za matatu nchini Kenya, ule wa Habyarimana na Jack uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la PNAS, unasaidia kuonyesha mpangilio huohuo wa kutazama jumla kabla ya vipande. Stika ziliwahimiza abiria kumkaripia dereva anayeendesha ovyo, na magari 12,000 yaligawanywa kwa kura. Madai ya bima yalipungua kwa wastani wa kati ya robo na theluthi moja. Wastani huo wa stika kwa ujumla ndio ninaouamini zaidi, kwa kuwa unalinganisha makundi makubwa. Waligundua pia kwamba ujumbe wa abiria kushirikiana ulifanya kazi zaidi. Hilo ni la kusomwa kwa uangalifu zaidi, maana kila ukikata makundi vipande, kila kipande hubaki na magari machache.

Mwenye kitalu anunue jaribio la pili kabla ya kuhamisha bajeti: mshindi dhidi ya tangazo la zamani, watu 6,000 wapya kila upande, akilazimisha mgawanyo uwe sawa, kwani Facebook ikiachiwa huelekeza pesa kwa linaloongoza mapema. Kama ubora ni wa kweli, mibofyo itakuwa 170 hivi kwa 120. Ikirudi 124 kwa 120, alipwe mpiga picha wake na tangazo la zamani liendelee. Msimu ujao, aanze na matangazo manne yenye watu 5,000 kila moja.