Mayai Matatu Baada ya Tui

Mliokuwa mkinywa chai asubuhi ile pembeni ya Mtaa wa Kongo mliona kila kitu. Kilo moja ya unga wa ngano kwenye beseni, sukari gramu 200, hamira, iliki ya kutwanga, kisha nusu lita ya tui. Mama wa maandazi akakanda mpaka donge likaacha kushika vidole. Kukanda anajua, sina neno. Halafu akavunja mayai matatu akayamwagia juu ya donge lililokwisha kukamilika. Maandazi yaliharibikia hapo, kabla hata mkaa haujakolea.

Yai moja bila ganda lina uzito wa kama gramu 50, na karibu robo tatu yake ni maji. Mayai matatu yanaingiza zaidi ya gramu 110 za maji kwenye donge ambalo lilikuwa halihitaji hata tone. Likalegea, likanata, naye akafanya kile ambacho siku hizi Kariakoo nzima inafanya: akachota unga akaongeza, akachota tena. Ili donge lirudie ugumu wake wa mwanzo, unga wa ziada lazima ufike gramu 200 na kitu. Sukari iliyokuwa gramu 20 kwa kila gramu 100 za unga inashuka hadi kama 16, na hamira, chumvi na iliki zinapungua nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Unga huo wa mwisho haukukandwa kama wa kwanza, kwa hiyo ukilikata andazi unakuta mabaka meupe, makavu, yasiyo na matundu. Mwingine ulioshika juu wakati wa kusukuma ulidondoka kwenye karai ukaungua, na mkupuo wa tatu ulitoka na vidoa vyeusi na uchungu kwa mbali.

Dawa yake ni nyepesi. Mayai huvunjwa kwanza kwenye chombo cha kupimia, yakapigwa, ndipo tui likajaziwa mpaka alama ya nusu lita. Kwa kuwa yai si maji matupu, huongezwa tena vijiko viwili vikubwa vya tui, basi. Akina mama waliotulisha Kariakoo na Gerezani tulipokuwa wadogo walipima kwa kikombe cha bati, na sikuwahi kuwaona wakifukuzana na donge kwa unga.

Tena mayai matatu ya nini? Ute na kiini havifanyi kazi moja. Ute ukipata moto unaganda na kukaza: ule mfuko wa hewa tumboni mwa andazi unapungua, na ndani panakuwa na vitundu vidogo vilivyobanana, karibu na keki. Ukizidi, saa nane mchana andazi limekauka na linakwama kooni. Kiini ndicho chenye mafuta na ulaini, ndiyo maana donati nzuri huegemea viini. Lakini mafuta ya viini vitatu ni kama gramu 15 tu. Nusu lita ya tui zito ina mara tano ya hayo, au zaidi. Nimelisema miaka yote na ninalirudia: utamu wa andazi la Pwani unatoka kwenye nazi. Anayechuja tui jepesi kama maji ya kuoshea mchele, kisha akafidia kwa trei ya mayai, anatoa pesa nyingi kununua shombo. Kwa kilo moja, yai moja linatosha.

Kosa la pili lilizaliwa na lile la kwanza. Donge lenye yai hubadilika rangi upesi, kwa sababu protini ya yai na sukari vikikutana na moto mkali hutengeneza ile kahawia tunayoipenda. Yeye aliacha moto ule ule wa maandazi ya kawaida. Yakaiva kwa macho, akayaopoa, na ndani yalikuwa mabichi. Mtajua kwa kuyabonyeza: andazi lililoiva hurudi juu, bichi hubaki na alama ya kidole. Penye yai, punguza mkaa mpaka kipande cha donge kikitumbukizwa kizame kidogo, kisha kipande juu polepole.

Yai lina mahali pake. Kwenye vitumbua linasaidia, maana mchele hauna ule mnato wa ngano wa kushikilia hewa. Bagia za kunde hazilihitaji, kunde zikisagwa vizuri zinashikana zenyewe. Na wale wanaotia rangi ya njano ili mteja adhani kuna mayai, wakate andazi lao walitazame ndani: njano imejaa, lakini matundu ni yale yale makubwa ya donge la maji na hamira.